Hiki au kile: kuuliza hadi watu wajibu kwa maneno

*Shikamoo. Nina ukurasa wa Instagram wa vitafunwa vya asubuhi, napikia Ngamiani hapa Tanga. Niliposti zile picha za kutelezesha za "hiki au kile", slaidi kumi, nikapata laiki nyingi lakini komenti nne, na mbili ni za dada zangu. Nikajaribu nyingine ya Simba au Yanga: komenti zikaja tele, ila matusi matupu, watu wakagombana hadi usiku. Nitengeneze vipi ili watu wachangie kwa uzuri?*

Marahaba, mdogo wangu. Posti zako mbili zina kasoro mbili tofauti, na ukizichanganya hutaitibu hata moja. Ya kwanza ilimpa mtu kazi nyingi mno. Ya pili iliuliza jambo ambalo mtu hawezi kushindwa bila kuona haya.

Tuanze na kazi. Posti yako ina slaidi kumi lakini sanduku la komenti ni moja, nalo liko chini ya posti nzima. Mtu anatelezesha, anajibu kimoyomoyo: mahamri, chai ya rangi, kitumbua, kahawa. Akifika mwisho ana majibu kumi kichwani, la tatu ameshalisahau, na kurudi nyuma kulitafuta anaona uvivu. Kuandika yote kumi kwa dole gumba huku amesimama kwenye daladala ya Makorora, hapana. Laiki ni mguso mmoja, basi anaacha laiki na kwenda zake. Hakuchukia posti yako. Aliijibu yote, ila wewe hukumsikia.

Kwa hiyo punguza hadi jozi tano. Instagram inaruhusu slaidi 20 tangu 2024, kabla ya hapo zilikuwa 10, lakini huo ni ukomo tu, hakuna anayekudai uujaze. Kisha, na hili ndilo kubwa kuliko yote nitakayokuambia: usiombe majibu yote matano. Omba moja. Swali la mwisho liwe, "Kati ya hizi tano, ipi huwezi kubadilishiwa?" Hapo mtu hana orodha ya kukariri. Anachagua ile iliyomgusa, na kwa kuwa ni yeye aliyeichagua, karibu kila mara ataongeza na sababu. Sababu ndiyo unayoitafuta, maana "mahamri" peke yake haina cha kujibiwa, lakini "mahamri, ila yawe ya jana" inawaamsha watu watatu.

Sasa jozi zenyewe. Jozi nzuri ina vitu viwili vya rafu moja, vyote vizuri, vinavyotofautiana kwa mazoea. Simba na Yanga si mazoea. Ni ukoo: mtu kazaliwa nao, kamrithi baba yake, na akikubali kwamba upande wa pili una hoja amemwaibisha mzee. Ndivyo ilivyo kwa Coastal Union na African Sports hapa kwetu, kwa mtaa na mtaa, kwa dini, kabila, chama, na maumbile ya watu. Hata "Tanga au Mombasa nani anajua kupika" inaonekana ya utani, lakini jioni itakuwa na hasira. Kipimo changu ni hiki: anayechagua hiki aweze kukaa meza moja na anayechagua kile, wakala pamoja, wakachekana.

Mpira wenyewe si mwiko, lakini uliza mazoea yake: "Mechi: Mkwakwani uwanjani au kibanda umiza?" Hapo wa Simba na wa Yanga wanajikuta upande mmoja, wakilalamikia benchi la mbao na jamaa mrefu aliyekaa mbele.

Jozi zinazozaa maneno zaidi ni zile ambazo kitu ni kilekile na namna ya kukitumia ndiyo mbili. Ukiuliza "chapati au mahamri" utapata neno moja. Ukiuliza "mahamri: unachovya kwenye chai au unakula kavu?" utapata historia ya nyumba nzima, kwa sababu watu wana msimamo juu ya jambo hilo na hakuna aliyewahi kuwauliza. Mkate wa kumimina vivyo hivyo: kipande cha pembeni kilichokauka kidogo, au cha katikati kilicho laini? Kwenye kila familia kuna anayewahi pembeni kabla wengine hawajanawa.

Kabla hujatengeneza picha yoyote, zipime jozi kwa mdomo. Huhitaji watu wengi; wateja wanaosubiri mahamri yatoke kwenye mafuta wanatosha. Uliza kama mazungumzo tu, usitaje ukurasa. Wote wakichagua upande mmoja, jozi hiyo imekufa, itupe. Wakiuliza "kwa maana gani?", maneno yako hayajaeleweka. Wakisema "vyote!", jozi ni nzuri lakini haijabana. Jibu la "vyote" ni ugonjwa wa kawaida wa posti hizi za chakula, na dawa yake ni kuweka hali: "Hela iliyobaki ni ya kimoja tu" au "Kimebaki kikombe kimoja mezani." Na ukimsikia mtu anaongeza "kwa sababu" bila kuombwa, au wawili wanaanza kubishana wenyewe wakikusahau wewe uliyeuliza, hiyo jozi iandike.

Nikutungie seti moja ya ukurasa wako, uone namna zinavyopangwa. Slaidi ya kwanza: "Mbaazi za nazi: na mahamri au na chapati?" Ya pili: "Mahamri: unachovya au unakula kavu?" Ya tatu: "Mkate wa kumimina: pembeni au katikati?" Ya nne: "Muhogo: wa nazi au wa kuchoma na pilipili?" Ya tano: "Embe: bichi kwa chumvi na pilipili, au bivu?" Ya sita haina jozi mpya, ina jozi zote tano kwa maandishi, zimepewa namba, na chini yake swali: "Ipi huwezi kubadilishiwa?"

Angalia kwamba sikuweka jalada. Najua wengi huanza na slaidi yenye kichwa kikubwa, "Chagua kimoja!", na mshale. Mimi silipendi jalada hilo. Halimpi mtu cha kujibu, na kidole chake kiko tayari kupita. Slaidi ya kwanza ikiwa jozi kamili, ameshajibu kabla hajaamua kama anataka kushiriki. Kuna na sababu ya pili. Mtu akiipita posti ya picha nyingi bila kutelezesha, mara nyingine Instagram humrudishia baadaye ikiwa imefunguka kwenye slaidi ya pili. Kwa hiyo ya pili nayo lazima isimame yenyewe, isianze na "Na je,..." wala kutegemea maneno ya iliyotangulia. Ndiyo maana swali la kuchovya nimeliweka hapo, ndilo kali kuliko yote. Ya kwanza ni nyepesi ili kila mtu aingie. Ya tano ina embe kwa kuwa embe humkumbusha mtu utoto na shule, na mtu aliyeanza kukumbuka yu karibu kuandika.

Slaidi ya sita isikose. Bila hiyo, mtu anarudi kwenye tatizo la kukumbuka. Akiiona orodha mbele ya macho anaweza kuandika "2, nachovya mpaka kesho" na kila msomaji akaelewa.

Kwenye utengenezaji, weka slaidi zote kwa kipimo cha pikseli 1080 kwa 1350, yaani za kusimama. Zote ziwe sawa, kwa sababu ya kwanza ndiyo inayoamua umbo na nyingine hukatwa zifanane nayo. Gawa kila slaidi juu na chini, usigawe kushoto na kulia. Ukigawa juu na chini kila upande unapata 1080 kwa 675, umbo pana linalokaa sahani vizuri. Ukigawa kushoto na kulia unabaki na vipande viwili vyembamba virefu, na sahani ya mbaazi inakatwa masikio. Pia watu watapata lugha rahisi ya kujibu: "cha juu", "cha chini".

Kona ya juu kulia iache wazi, maana ndipo Instagram inapoandika namba ya slaidi. Maneno yasikaribie ukingo wa kushoto wala wa kulia, kwa sababu kwenye ukurasa wako posti huonekana kwa umbo jembamba kidogo kuliko picha yenyewe na pembeni hukatwa. Maneno manne kwa kila upande yanatosha, na yawe makubwa kiasi kwamba ukiishika simu kwa urefu wa mkono bado unasoma. Canva ya kwenye simu inafanya haya yote bila shida. Hakiki tahajia kabla ya kuposti, kwa kuwa kepsheni utaweza kuirekebisha baadaye lakini picha iliyokwisha kupanda haibadilishwi. Utaweza kuiondoa slaidi tu.

Picha ndizo zinazoharibu jozi bila mwenyewe kujua. Ukipiga mahamri asubuhi penye mwanga wa dirisha, yakiwa yamepangwa kwenye ukili, kisha chapati ukaipiga usiku chini ya taa ya jikoni, kura tayari umeshaipiga wewe. Watu watachagua picha nzuri, wala hawatakuwa na sababu ya kueleza. Piga vyote saa ileile, sahani ileile, umbali uleule. Na kile unachouza wewe kisipendelewe. Unauza mahamri, chapati ikionekana imekauka, mteja anajua anauziwa, na mtu anayejua anauziwa hafungui moyo.

Kuna la rangi pia, hili la kwetu hasa. Usiweke upande mmoja mandhari mekundu na mwingine ya njano na kijani. Utauliza habari ya chai na watakujibu Simba na Yanga, nawe ndiyo kwanza umetoka huko. Rangi mbili tulivu, za mchanga na bluu ya bahari kwa mfano, hazina timu wala chama.

Kepsheni iwe fupi. Mstari wa kwanza tu ndio unaoonekana kabla mtu hajagusa kusoma zaidi, herufi 125 hivi, basi swali likae humo: "Ipi kati ya hizi tano huwezi kubadilishiwa? Mimi nimeshaweka yangu kwenye komenti." Usiandike "laiki kama unachovya, moyo kama huchovyi, mtegi rafiki watatu." Kama ukurasa wako unaposti na Facebook pia, jua kwamba Desemba 2017 Facebook walitangaza kwamba posti zinazoomba laiki, kura, komenti na kutegiana kwa mtindo huo watazishusha, zionekane na wachache. Swali la kweli linalotaka maoni si kosa. Lakini hata kama adhabu hiyo isingekuwepo ningekukataza, kwa sababu mtu aliyeambiwa aweke moyo ataweka moyo, na hutapata neno.

Dakika ileile unapoposti, andika komenti ya kwanza mwenyewe kisha ibandike juu. Instagram inaruhusu kubandika hadi tatu. Komenti hiyo ndiyo inayowaonesha wengine urefu na sauti ya jibu unalolitaka. Ukiandika "Karibuni mchangie" umewakaribisha lakini hujawaonesha kitu. Andika kama hivi: "Namba 3. Pembeni. Nyumbani tulikuwa tunapigiana hesabu nani alikula pembeni jana." Mistari miwili, ina msimamo, haimtukani wa katikati. Na wale dada zako ni hazina, wala usiwaonee aibu. Waombe tu wasiandike "safi sana mdogo wetu" wala kumwaga vimoyo; mmoja ajibu kweli na mwingine ampinge. Mgeni akifungua komenti akakuta watu wawili wanachekana juu ya mkate, anajua hapa panakaaje.

Baada ya hapo usiondoke. Posti ya namna hii ina saa moja au mbili za kwanza ambazo unapaswa kuwepo, kama huna nafasi hiyo leo iposti kesho. Kwako wewe unayeamka alfajiri, jioni ni afadhali kuliko asubuhi, maana asubuhi mikono yako imo kwenye unga. Ukurasa wa biashara unakuonesha saa ambazo wafuasi wako huwa mtandaoni. Chagua humo saa ambayo na wewe una nafasi.

Kujibu kwako ndiko kutakakoamua kama komenti ni kumi au arobaini. Mtu kaandika, "2, nachovya." Ukimjibu "Asante dada" umefunga mlango. Muulize kitu kidogo kinachotokana na neno lake: "Mpaka lilainike lote au unaligusisha tu?" Atarudi: "Mpaka likaribie kukatika, ndiyo utamu wenyewe." Hapo ataingia mtu asiyemjua kabisa: "Halafu nusu inabaki chini ya kikombe inageuka uji." Hao wawili sasa wanaongea wenyewe. Waachie, usijibu kila mstari. Mwenye nyumba akiwa kila mahali wageni hunyamaza.

Dalili ya mambo kuharibika unaweza kuiona mapema kwenye sentensi. Maadamu watu wanasema "mimi" na "kwetu", mko salama. Wakianza "nyinyi watu wa...", ugomvi umeingia, hata kama mada bado ni muhogo. Usikemee hadharani. Mjibu huyo kwa swali linalomrudisha kwenye chakula: "Haya, wewe wa kuchoma unataka na pilipili ya kusaga au mbichi?" Wengi hurudi. Asiyerudi, akatukana, ifute komenti yake kimya kimya bila kumtangaza. Na maneno ya matusi unayoyajua yataandikwa unaweza kuyaorodhesha kwenye mipangilio, sehemu ya Hidden Words, komenti zenye maneno hayo zikafichwa zenyewe.

Kesho yake usitazame idadi tu. Zisome zote na uzitenge kwa macho: zenye sababu, zenye neno moja, na alama tupu. Zikiwa karibu zote zinataja namba 1, watu hawakutelezesha; slaidi ya kwanza haikuwapa hamu ya kuona nyingine. Zikiwa ni orodha ndefu, 1 mahamri 2 kavu 3 pembeni, wamezipenda jozi lakini swali lako la mwisho halikuonekana. Likuze, au lilete mwanzo wa kepsheni. Namba moja ikiwa na maneno mengi kuliko nne zilizobaki, umepata jozi ya kurudia kwa namna nyingine. Na ikiwa hakuna aliyeigusa namba 4, usiilazimishe wiki ijayo eti kwa sababu wewe unaipenda.

Kama unachotaka ni kura tu, kujua watu wangapi ni wa chai ya rangi na wangapi wa maziwa ili upange birika zako, usisumbuke na slaidi. Weka stika ya kura kwenye stori, mtu anagusa mara moja, na stori inaisha baada ya saa 24. Na usitarajie posti hii ikuletee oda siku hiyohiyo. Wengi watakaochangia wako Dar es Salaam au wamehamia mbali na wanaikumbuka Tanga. Komenti zao zina faida, lakini haziji kununua mahamri saa kumi na mbili asubuhi Ngamiani. Ukitaka oda, posti oda, na uitenge na mchezo huu.

Usiifanye kila siku. Mara moja kwa wiki mbili inatosha, na katikati unaweza kurudisha matokeo: "Wachovyaji wameshinda, lakini wa kavu wamekataa matokeo." Posti hiyo moja ya picha huleta tena waliosema na waliokuwa wakisoma kimya. Mwezi wa Ramadhani badilisha saa na vyakula: iposti baada ya watu kufuturu, jozi ziwe za futari, kaimati au tambi, uji mwembamba au mzito. Mchana wa mfungo picha ya sahani iliyojaa, hapa kwetu, itakuletea komenti za aina nyingine kabisa.